Ada ya mwaka imekatwa, pointi ninazo, deni halisogei: hii kadi niendelee nayo?

Mja_wa_Kadi
Wakuu, naombeni ushauri wenu. Nina kadi ya mkopo yenye pointi. Ada yake ya mwaka ni 6,000 na wiki hii imekatwa. Kila 100 ninayotumia inanipa pointi 1, na pointi 1 nikiitumia kwenye tiketi ya safari inahesabiwa kama 1. Kwa mwezi nachanja kama 60,000, yaani matumizi yangu yote ya nyumbani, kwa hiyo napata pointi 600. Kwa mwaka ni 7,200. Ukitoa ada nabaki na faida ya 1,200, ndiyo maana nimeing'ang'ania.

Tatizo ni deni la zamani. Miezi 7 iliyopita lilikuwa 214,000. Kila mwezi nimelipa 70,000 bila kukosa, jumla 490,000, na leo ninadaiwa 200,000. Riba iliyoandikwa kwenye taarifa ya mwezi ni 36% kwa mwaka. Mshahara unaingia tarehe 28. Ile 70,000 naitenga kwenye akaunti na kuilipa tarehe 15, siku ya mwisho, ili nifaidi zile siku za bila riba. Je, pointi zinalipa ada, au nirudishe kadi?

Fundi_Saa
Pole ndugu. Riba ya lile deni utailipa uchanje usichanje. Kwa hiyo pointi ni nyongeza tu, usiziache. Ada imezidiwa na pointi, endelea.

Mama_Pacha
Mimi kadi ya benki yangu haina riba kabisa, nachanja na hela inatoka hapo hapo kwenye akaunti. Kwa nini usichukue ya namna hiyo?

Mja_wa_Kadi
Dada, hiyo yako inatumia hela yako mwenyewe. Yangu natumia ya benki kwanza, halafu nailipa.

Karani_Mstaafu
Nimekaa idara ya kadi miaka mingi, kwa hiyo niseme taratibu. Fundi_Saa yuko sawa kwamba riba ya deni la zamani ipo hata usipochanja. Anachokiacha ni riba ya manunuzi mapya, na hapo ndipo hela ya mwenye uzi inapopotea.

Siku za bila riba ni za mtu anayelipa deni lote lililo kwenye taarifa. Ukibakiza kiasi, kwa kadi nyingi siku hizo zinafutwa. Ukichanja leo, riba inaanza leo. Hakuna kusubiri tarehe 15.

Gawanya 36 kwa 365. Unapata karibu 0.1% kwa siku. Pointi zako ni 1% ya ulichonunua. Kwa hiyo kila unachochanja kina siku 10 tu. Hela ikifika kwenye kadi ndani ya siku 10 tangu uchanje, pointi zimekuachia kitu. Ikichelewa zaidi, riba imeshazimeza na inaendelea kula mfukoni mwako. Pointi hizo hizo ukizitumia kwa njia ambayo moja inahesabiwa nusu, zitamezwa kwa siku 5.

Sasa angalia ile 70,000 inayokaa kwenye akaunti kuanzia tarehe 28 hadi 15. Ni siku 17 hivi. 70,000 mara 36%, gawanya kwa 365, zidisha kwa 17: unapata kama 1,170. Hiyo ni gharama ya kusubiri tu, kila mwezi, wakati pointi za mwezi mzima ni 600. Riba inahesabiwa kwa deni la kila siku, kwa hiyo ungelipa tarehe 28 jioni, hiyo 1,170 ingebaki kwako bila kupunguza matumizi hata kidogo.

Mja_wa_Kadi
Aisee. Mimi niliambiwa kabisa na rafiki yangu kwamba kulipa mapema ni kuipa benki hela ya bure. Nimefungua taarifa ya mwezi uliopita sasa hivi: mstari wa riba unasema 7,080. Sikuwahi kuuangalia, nilikuwa naangalia mstari wa pointi.

Karani_Mstaafu
Rafiki yako labda halipi riba, na kwa mtu wa namna hiyo ushauri wake ni sahihi. Zidisha hiyo 7,080 kwa 7, utapata karibu 49,600. Ongeza ada 6,000 na manunuzi 420,000. Utaona 490,000 yako ilikwenda wapi. Na ada nayo imeingia kama deni: usipoilipa, inazaa 180 kila mwezi.

Fundi_Saa
Nimekubali kuhusu kusubiri. Lakini basi akilipa tarehe 28 na kuendelea kuchanja, hela imetangulia manunuzi. Si pointi zinakuwa faida tupu?

Karani_Mstaafu
Kwa hesabu, ndiyo, nakubaliana nawe. Hela iliyotangulia kwenye kadi inapunguza deni kila siku hadi utakapochanja. Angalizo langu ni moja: asitoe hela taslimu kwa kadi hiyo. Huko riba inaanza siku ile ile, kuna ada juu yake, na kwa kawaida pointi hazipo.

Neema_wa_Vitabu
Mimi nilimaliza deni langu lote, nikafurahi, mwezi uliofuata nikakuta riba tena. Nilidhani nimeibiwa. Nilipiga simu mara tatu. Hilo nalo mlieleze.

Karani_Mstaafu
Hukuibiwa, dada. Ulilipa kiasi kilichoandikwa kwenye taarifa, lakini riba iliendelea kuhesabiwa tangu siku taarifa ilipotoka hadi siku hela yako ilipoingia. Inaonekana mwezi unaofuata. Ilipe yote, usiiache kwa kuwa ni ndogo. Kadi nyingine zinataka ulipe deni lote miezi miwili mfululizo ndipo siku za bila riba zirudi.

Baba_Shukuru
Mimi napingana na wote wawili. Hesabu ni nzuri, lakini mtu mwenye deni la 200,000 akiendelea kuchanja hatachanja 60,000 ile ile. Atasema "si napata pointi". Aiweke kadi kabatini, alipie matumizi kwa hela yake, na ziada yote iende kwenye deni.

Karani_Mstaafu
Hilo siwezi kulipinga kwa kikokotoo. Anayejijua ni yeye.

Mja_wa_Kadi
Mrejesho. Leo nimehamisha ile 70,000 bila kusubiri tarehe 15. Nimeipigia benki pia. Ada wamekataa kuirudisha, ila wamesema naweza kuhamia kadi yao ya kawaida isiyo na ada. Akaunti na deni vinabaki vile vile, pointi hazipo. Nikihama, pointi zangu 9,400 zinafutwa, kwa hiyo nizitumie kwanza. Nikizipunguza kwenye deni zinahesabiwa nusu, 4,700, na wameniambia hazihesabiki kama malipo ya chini ya mwezi. Kwenye tiketi ni 9,400 kamili.

Fundi_Saa
Tiketi. Utupe nusu nzima bure?

Baba_Shukuru
Kama safari haikuwepo kwenye mipango, tiketi hiyo itakuletea matumizi mengine. Punguza deni.

Karani_Mstaafu
Hiyo 4,700 ikiingia kwenye deni inakuokoa 141 kwa mwezi. Kama una safari ambayo ungeilipia hela taslimu ndani ya miezi michache, tiketi inashinda. Unayo?

Mja_wa_Kadi
Kuna harusi ya mdogo wangu, lakini tarehe bado haijapangwa. Nimeomba benki wanipe hadi mwisho wa mwezi kabla ya kuhama.