Tupeane uzoefu: Mliwezaje kuondoa "eee" na "kwa hiyo" kwenye kujitambulisha?

Mkereketwa wa Dodoma
Wakuu, nina usaili wa mahojiano hivi karibuni. Rafiki yangu amenishauri nijirekodi kwa simu nikijibu lile swali la "tueleze kwa ufupi wewe ni nani", halafu niandike kila kilichotoka mdomoni, nione nini cha kukata. Waliowahi kufanya hivi tupeane uzoefu. Mlianzia wapi, na mlijuaje kipi kibaki?

Dogo wa Mbagala
Rahisi sana, kaka. Fungua sehemu ya kuandika ujumbe, bonyeza alama ya maiki kwenye kibodi, ongea. Simu inakuandikia yenyewe, wala huna haja ya kuhangaika na kalamu. Mimi nilifanya hivyo, nikakuta sina "eee" hata moja.

Fundi Mitambo
Dogo, hiyo maiki inafaa kwa kupata maneno haraka, hapo uko sahihi. Lakini hukukuta "eee" kwa sababu mara nyingi mifumo hiyo huziruka. Imetengenezwa itoe sentensi safi, kwa hiyo ukisema "nimesoma, nimesoma", inaweza kukuandikia moja tu. Jipime hivi: cheza rekodi huku kidole kinafuata maandishi. Sauti ikisikika na kidole hakina pa kugusa, ujue kuna kitu kimeachwa.

Nimefanya kazi ya kuhariri vipindi vya redio miaka mingi. Kwa utambulisho wa dakika moja, andika mwenyewe kwa mkono. Rudisha nyuma kila baada ya maneno machache, andika kila mguno kama ulivyo, na weka mkwaju pale uliponyamaza. Inachosha, ila utambulisho ni mfupi. Usirekodi ukiwa unasoma karatasi, maana msomaji hababaiki sana. Mtu akuulize swali, ujibu kama unavyojibu watu.

Hariri Poa
Mkuu, mbona mnajisumbua? Weka klipu kwenye programu ya kuhariri, tafuta yale mawimbi madogo ya "eee", kata, unganisha. Picha ikiruka, funika na picha nyingine. Mimi video zangu zote nafanya hivyo.

Mkereketwa wa Dodoma
Hariri, nitakaa mbele ya jopo mubashara, hakuna wa kunikatia. 😄
Fundi, nimeandika kwa mkono kama ulivyosema. Hii hapa, jina nimelitoa:

> "Eee, asante sana. Kwa hiyo mimi kwa jina naitwa …, eee, ni mhasibu. Kwa hiyo nimesoma, nimesoma stashahada ya uhasibu, eee, Arusha, nikamaliza, eee, 2019. Kwa hiyo baada ya hapo nikaenda fildi, eee, halmashauri, kitengo cha mapato. Kwa hiyo pale nilikuwa nasuluhisha hesabu za benki na, na vitabu vya makusanyo. Kwa hiyo wakanibakiza kwa mkataba."

Fundi Mitambo
Safi, hii inafanyika. Sentensi 6, na 5 kati yake zinaanza na "kwa hiyo". "Eee" nazo ni 5. Usiziweke kapu moja, kwa sababu hazina chanzo kimoja.

Tuanze na "eee". Angalia zinakaa wapi. Ile ya kwanza ni ya kuwasha injini, imekuja kabla hujajua utaanza na nini. Lakini tatu ziko kabla ya Arusha, kabla ya 2019 na kabla ya halmashauri. Yaani kila ulipofika kwenye jina la mahali au mwaka, ulisimama kukumbuka. Hapo huhitaji zoezi la kuziba mdomo. Unahitaji kujua kabla ya kufungua mdomo kwamba utataja Arusha, 2019, halmashauri, kwa mpangilio huo. Zitaje zenyewe tupu, bila sentensi, mpaka zifuatane. Ukirekodi tena utaona "eee" za hapo zimepungua bila kupigana nazo.

"Kwa hiyo" ni jambo jingine. Wewe unaitumia kama gundi. Sasa lugha yetu ina gundi yake tayari: "nikamaliza", "nikaenda". Hiyo -ka- imeshamwambia msikilizaji kwamba hili limefuata lile. Ukisema "kwa hiyo baada ya hapo nikaenda" umeunganisha mara tatu. Pitia kila moja, uliza: kilichofuata kimesababishwa na kilichotangulia? Jina lako halikusababishwa na "asante sana". Ila ile ya mwisho ina haki yake, walikubakiza kwa sababu ya kazi uliyofanya. Hiyo iache, na itasikika kwa kuwa itakuwa peke yake.

Kwa maneno yako mwenyewe inakuwa:

> "Asante sana. Naitwa …, ni mhasibu. Nilisoma stashahada ya uhasibu Arusha, nikamaliza 2019, nikaenda fildi halmashauri, kitengo cha mapato. Pale nilikuwa nasuluhisha hesabu za benki na vitabu vya makusanyo. Kwa hiyo wakanibakiza kwa mkataba."

Usiikariri neno kwa neno. Ukisahau neno moja katikati, "eee" zote zinarudi kwa mpigo. Shika zile nguzo tu, sentensi zije zenyewe.

MC Mama Harusi (Mombasa)
Mimi langu lilikuwa "sasa". Sasa bwana harusi, sasa wazazi, sasa keki. Niliandika rekodi ya harusi moja nikaona haya. Nikalikata, wallahi, lakini baada ya muda nikasikiliza tena nikakuta "haya basi" imekaa pale pale palipokuwa na "sasa". Kwa hivyo mwanangu, ukishakata, jirekodi tena, usijipongeze mapema. Kilichonisaidia ni kufunga midomo kabisa mwisho wa sentensi. Mdomo ukifungwa, neno halina pa kutokea.

Fundi Mitambo
Shikamoo mama, hapo umesema. Neno likiondoka na nafasi ikabaki tupu, jingine linaingia. Wengine huishia na ule mlio wa ulimi, "tch", ambao kwenye maandishi hata hauonekani usipousikilizia.

Mtu wa Moshi
Naomba niulize kwa upande wangu. Mimi nina kigugumizi tangu utotoni. "Eee" yangu ni njia ya kuteleza kuingia kwenye neno lenye "k" au "p". Nikiiondoa nakwama kabisa. Nayo nihesabu?

Fundi Mitambo
Hapana, ndugu. Hayo tuliyoyasema ni ya mtu anayetafuta cha kusema. Wewe cha kusema unacho. Ukimpata mtaalamu wa tiba ya usemi, mpelekee hiyo rekodi, usijikate mwenyewe kwa kufuata uzi huu.

Dada wa Kisumu
Mnasema tunyamaze badala ya "eee". Ana kwa ana sawa. Lakini mimi nilifanyiwa usaili kwa simu, nikanyamaza vizuri kabisa, wakaniuliza "haloo, bado uko?" mara mbili. Kwa simu nafikiri "eee" moja fupi ina kazi yake.

Fundi Mitambo
Kwa simu unyamaze kwa kifupi tu, kama kuvuta pumzi. Zaidi ya hapo, sema wazi "naomba nifikiri kidogo".

Dada wa Kisumu
Kwenye kujitambulisha? Jina langu pia nalifikiria? Bado sijashawishika, Fundi.

Mkereketwa wa Dodoma
Nimerekodi tena. "Kwa hiyo" imebaki ile ya mwisho tu. Ila kwenye 2019 bado "eee" ipo, na imeongezeka nyingine kabla ya "kitengo cha mapato". Leo usiku nazitaja hizo mbili tupu kama ulivyoelekeza, kesho naweka maandishi mengine hapa.