Tupeane uzoefu: mifupa baada ya hedhi kukoma (hasa waliotolewa ovari)

MamaTwins_Umoja:
Haya wadada, na wakaka wenye mama zao pia, leteni stori zenu hapa. Nataka hasa wale hedhi ilikoma mapema, iwe yenyewe ama kwa kisu. Mimi nilitolewa kizazi nikiwa na miaka 42 ju ya faibroidi na ovari zote mbili zikaenda nacho. Nikaambiwa sasa damu imekwisha, furahi, na kweli nilifurahi ju hizo faibroidi zilikuwa zimenimaliza. Lile joto la usiku likaja mara moja likanisumbua likapotea, nikajua basi imeisha. Saa hii niko 52. Wakati wa mvua nikateleza nikishuka matatu Donholm, sikuanguka kutoka juu ya kitu, ni kuteleza tu ukiwa umesimama, nikajishika na mkono na kifundo cha mkono kikavunjika. Nikafungwa plasta nikaambiwa rudi baada ya wiki sita, hakuna mtu aliniuliza kitu kingine. Binamu yangu ndio alinisukuma niende DEXA, ile mashine ya kupima uzito wa mfupa, ikasema T-skoo, yaani alama ya kulinganisha mfupa wako na wa kijana mwenye afya, ya uti wa mgongo ni -2.7 na ya nyonga -1.9. Daktari anataka tuongee dawa. Nyinyi mlifanya nini?

Kagz_Roysambu:
Pole sana siz. Lakini usikimbilie hayo mamashine ya bei, pima tu kalsiamu ya damu. Mathe wangu alipimwa ikatoka sawa kabisa, kwa hivyo mifupa yake iko fiti, ni maziwa tu anaongeza.

Nesi_Mstaafu:
Kagz, maziwa sawa, hiyo ingine hapana. Nimefanya wodi ya mifupa miaka mingi na wengi wa hao akina mama waliovunjika nyonga kalsiamu ya damu yao ilikuwa sawa. Damu lazima iwe na kiwango chake ndio moyo na misuli ifanye kazi, kikipungua mwili unaenda kuchukua kwa mfupa. Kwa hivyo karatasi ya damu inaweza kuwa safi na mfupa unaendelea kwisha. Tunapima damu, ndio, lakini ni kutafuta mambo mengine kama figo au tezi za shingo, si kujua uzito wa mfupa. Hata eksirei ya kawaida haisaidii sana, mpaka ionyeshe mfupa umepungua unakuta umeshapoteza kama theluthi moja.

MamaTwins, kuna seli zinachimba mfupa mzee na kuna zingine zinajaza mpya, hiyo kazi haiishi maisha yote. Estrojeni ndio inashika breki za wale wachimbaji. Ikitoka wanaongezeka na kuishi muda mrefu, na wajazaji hawawafikii, kama kanjo wakichimba barabara mbio kuliko venye wanarudisha lami. Ile miaka mitano hadi saba ya kwanza ndio mbaya zaidi, kuna wanawake wanapoteza hata asilimia 20. Wewe haikukoma polepole, ilikatwa siku moja, na ukiwa 42. Uti unaumia kwanza ju ndani yake mfupa ni kama sponji, una nafasi nyingi ya kuchimbwa, ndio maana mgongo wako ni -2.7 na nyonga bado -1.9. Chini ya -1 tunasema umepungua, ikifika -2.5 kushuka ndio osteoporosisi yenyewe.

Na hicho kifundo ndio kilikuwa dalili. Mama wa miaka hamsini hivi akivunjika mkono kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, mtu wa plasta anafaa kuuliza kwa nini.

Wambo_Githurai:
Mimi magoti yananiuma mpaka kupanda ngazi ya fleti ni kulia, niko 58, nimekunywa kalsiamu ya kutafuna chupa nzima na hakuna kitu. Hii osteoporosisi inatibiwaje?

Nesi_Mstaafu:
Mama, hayo magoti yako sidhani ni hii. Mfupa kupungua hauumi, unanyamaza mpaka siku uvunjike. Goti la kuuma ukipanda ngazi mara nyingi ni gegedu imelika, na kalsiamu haiwezi irudisha. Enda lipimwe kivyake.

BintiEastleigh:
Nesi wacha niongeze kidogo hapo kwa kuuma. Mimi mapaja na nyonga zilikuwa zinauma, maumivu ya ndani ndani, na kuinuka kwa kiti cha chini ilikuwa lazima nijisukume na mikono. Nikaambiwa ni uzee, na niko 49. Nilipopimwa vitamini D ilikuwa chini kabisa. Watu wanacheka wanasema Nairobi iko karibu na ikweta jua limejaa, ndio limejaa, lakini mimi navaa buibui, naingia dukani asubuhi natoka giza, na jua la kupitia kioo halitengenezi hiyo vitamini. Alafu ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi juani. Nilipewa dozi kubwa ya mara moja kwa wiki kwa muda, baadaye nikashushwa kwa yuniti 800 kila siku. Maumivu yaliisha polepole sana. Daktari aliniambia bila D ile kalsiamu unakula nyingi inapita tu, utumbo hauichukui.

Nesi_Mstaafu:
Hapo umenishika, D ikiisha kabisa mfupa unakuwa laini na huo unauma. Ni ugonjwa tofauti, ingawa mtu anaweza kuwa na yote mawili. Ndio maana MamaTwins upimwe D kabla ya kuanza dawa yoyote.

NyarNam_Kibra:
Kwa chakula niulizeni mimi. Mama yangu ako 66, alivunjika uti bila hata kuanguka, aliinua mtungi wa maji tu, tukaona anapungua kimo nguo zinaburuta. Mtu wa lishe alitukalisha tukahesabu siku yake. Anatakiwa apate kama miligramu 1200 za kalsiamu. Chai yake ya maziwa nusu kwa nusu, vikombe viwili, hiyo ni kikombe kizima cha maziwa, kama 300. Maziwa lala jioni kikombe kimoja, 300 ingine. Sukuma wiki kama 100 na kitu. Maharagwe na vingine vidogo tuseme 100. Iko 800 hapo. Siku ya omena anafika ju inaliwa na mifupa yake yote, lakini fileti ya samaki haihesabiki, ile kalsiamu umeacha kwa mifupa. Siku hakuna omena anameza tembe moja ya 500 basi. Sisi tulikuwa tunampa tatu kwa siku juu ya chakula na alikuwa anafunga choo vibaya.

Kitu kilinishangaza ni spinachi. Ina kalsiamu kwa karatasi lakini imeshikwa na asidi ndani yake, mwili unapata kidogo tu. Sukuma inaishinda mbali.

Kagz_Roysambu:
Kwani tembe nyingi zina shida gani? Si kalsiamu ni kalsiamu

Nesi_Mstaafu:
Mwili hauchukui vizuri zaidi ya 500 kwa mpigo, na tembe zikizidi zinaweza leta mawe ya figo. Zile za kabonati, ambazo ndio nyingi kwa kemisti, meza na chakula. Kama anatumia dawa ya tezi aweke masaa manne katikati. Na MamaTwins elewa vizuri, kalsiamu na D ni simiti na mchanga, hazirudishi breki. Ukiwa -2.7 na umeshavunjika, hizo peke yake hazitoshi.

Tabitha_Buru:
Mimi niko 61, stori yangu ni ya mazoezi. Nilikuwa naogelea na kupiga baiskeli ya jim nikajiona mwanaspoti, fizio akaniuliza ni lini mfupa wangu unabeba mimi. Kwa maji unaelea, kwa baiskeli umekaa. Moyo unafaidi, mfupa haujui kama kuna kitu inaendelea. Sasa napanda ngazi za fleti badala ya lifti, natembea haraka Jumamosi pale Karura kwenye kilima si kule tambarare, na mara mbili kwa wiki nabeba vyuma. Nilianza na kuinuka kwa kiti bila mikono na kusukuma ukuta, sai naongeza uzito kila nikiona umekuwa rahisi. Kutembea pekee alisema hakusaidii uti sana, mfupa unajibu ukipewa mzigo ambao haujauzoea. Alafu nasimama mguu mmoja nikiosha vyombo, hiyo ni ya kutoanguka.

MamaTwins na mgongo wako wa -2.7 usifanye zile za kulala chali unakunja tumbo kuinuka, wala kuinama na mgongo wa mviringo kuokota kitu kizito. Anza na fizio.

MamaTwins_Umoja:
Asanteni, hiyo ya tumbo nilikuwa nafanya kila asubuhi na video! Sasa dawa. Kliniki moja imeniambia alendronati, tembe za kuzuia mfupa kupungua, ingine ikasema homoni. Dadangu anasema homoni ni kansa, asiskie.

Nesi_Mstaafu:
Huo uoga ulitoka kwa utafiti mkubwa wa Marekani wa 2002. Wanawake wale wastani wao ulikuwa miaka 63 na walipewa estrojeni pamoja na projestojeni. Kansa ya matiti iliongezeka kidogo, lakini nyonga zilizovunjika zilipungua kama theluthi. Wewe huna kizazi, kwa hivyo ungepewa estrojeni peke yake, na kundi hilo, majibu yake yalitoka 2004, kansa ya matiti haikuongezeka. Kiharusi ndio kiliongezeka. Kusema kweli ulifaa kupewa ukiwa 42 mpaka karibu 50, ili kujaza ile miaka mwili wako ungekuwa nayo bado. Sasa miaka kumi imepita, mimi ningeenda na alendronati.

Dokta_Mwanafunzi:
Mimi sikubaliani kabisa na Nesi, ako chini ya 60, presha ikiwa sawa na hana historia ya damu kuganda, homoni bado inaweza kuongelewa. Shida ni ukiiacha mfupa unaanza kupungua tena haraka, kwa hivyo lazima kuwe na mpango wa baadaye.

Nesi_Mstaafu:
Mfupa wake umeshavunjika daktari. Lakini sawa, hiyo aongee na daktari wake akiwa na presha yake mkononi.

NyarNam_Kibra:
Kama ni alendronati, ile ya miligramu 70 mara moja kwa wiki, chunga venye unameza. Mama alikuwa anameza na chai na kurudi kitandani, kifua kikawa kinamchoma tukadhani ni asidi ya tumbo. Ni maji matupu glasi nzima, tumbo tupu asubuhi, alafu nusu saa usilale na usile chochote, hata hiyo kalsiamu ungoje. Sisi tulichagua Jumapili, anameza halafu anavaa vya kanisa akiwa wima. Na meno yang'olewe kabla ya kuanza kama kuna la kung'olewa. DEXA ya kurudia tuliambiwa baada ya miaka miwili na iwe mashine ileile, ju mashine mbili zinaweza tofautiana ukadhani umepona ama umezidi na hakuna kitu imebadilika.

Wambo_Githurai:
Na mimi wa magoti, hiyo DEXA nifanye ama nisifanye?

Nesi_Mstaafu:
Hedhi ilikoma ukiwa na miaka mingapi? Mama yako aliwahi vunjika nyonga? Umewahi tumia tembe za steroidi kama predinisoloni miezi mingi, labda ya pumu? Nijibu hayo kwanza.

Wambo_Githurai:
43. Na pumu ninayo tangu shule.