Mwamba unafungwa miezi mitatu, unasafishwa bamvua moja: acheni kumwita pweza "bidhaa ya umma"

Mwambani

Wakuu, kuna neno linatuharibia miamba na limezoeleka vikaoni. Kijiji kinakubaliana kufunga mwamba wa pweza, watu wanakaa miezi mitatu bila kugusa tundu, kisha siku ya kufungua anasimama mtu wa ofisini na kusema: "Pweza ni bidhaa ya umma, hamuwezi kumzuia mwananchi." Siku hiyohiyo vyombo vya vijiji vingine na wavuvi wa dago wameshajaa pale. Jasho la miezi mitatu linakwenda na maji ya bamvua moja.

Neno hilo si sahihi, na kosa lake lina gharama. Ukitaka kujua kitu ni cha aina gani, uliza mawili: naweza kumzuia mtu asikitumie? Na nikikitumia mimi, chako kinapungua?

Mnara wa taa: huwezi kuuficha mwanga kwa jahazi moja ukauacha kwa jingine, na manahodha mia wakiutazama haupungui hata chembe. Hiyo ndiyo bidhaa ya umma. Shida yake ni kwamba kila mmoja anangoja mwenziwe alipie taa. Pweza anafanana na mnara kwa swali la kwanza tu: mwamba ni mrefu, hauna mlango, kumzuia mtu ni kazi. Kwa swali la pili wametofautiana kabisa, maana aliyeingia kwenye kapu langu hawezi kuingia kwenye lako. Hiyo ni rasilimali ya pamoja, na shida yake ni watu kuvua kupita kiasi. Ukiipa dawa ya mnara, yaani "kila mtu aingie bure", unaimaliza.

Tazameni hesabu ya mfano. Pweza mdogo anaweza kukaribia kuongeza uzito maradufu kwa mwezi. Umemwona wa nusu kilo tunduni. Ukimwacha, mwezi ujao ana kilo moja. Lakini mwambani mnapita watu 40, kwa hiyo nafasi ya kumkuta tena wewe mwenyewe ni moja kwa 40. Unaacha gramu 500 za leo kwa matumaini ya wastani wa gramu 25. Nani atamwacha? Mtu akimchokoa yule mdogo si mjinga wala mlafi, amepiga hesabu sawasawa. Wote 40 wakipiga hesabu hiyohiyo, mwamba mzima unabaki na pweza wa gramu 300, na sheria ya Tanzania Bara ya gramu 500 inabaki kwenye karatasi.

Kufunga mwamba kunaibadili hesabu hiyo kwa sababu wote mnaacha kwa pamoja. Kufungua kwa kila aliye na mtumbwi kunairudisha palepale.

Kusi_Kavu

Mkuu umesema kweli, ila dawa umeikwepa. Kitu kisicho na mwenyewe huliwa na kila mtu. Garrett Hardin aliliandika hilo mwaka 1968: ama serikali ishike, ama agawiwe mtu binafsi. Mwamba apewe mwekezaji mmoja, aweke walinzi, mambo yaishe.

Mwambani

Kusi_Kavu, nusu uko sawa. Hardin alieleza vizuri malisho yaliyo wazi kwa kila ajaye. Lakini kitu cha wazi kwa wote na kitu cha watu fulani wanaojuana si kimoja. Elinor Ostrom alipata Nobeli ya uchumi mwaka 2009 kwa kuonyesha kwamba jamii nyingi zimeshika malisho, maji na uvuvi wao kwa muda mrefu bila mwekezaji na bila askari. Ila wana masharti: mpaka unajulikana, wenye haki wanajulikana kwa majina, wanaohesabu mavuno ni wao wenyewe, na adhabu inaanza ndogo na kupanda.

Mwekezaji wako naye atalinda mwamba kwa gharama gani? Pweza wa kilo mbili habebi gharama ya boti ya doria usiku na mchana. Jirani anayeona taa mwambani saa nane za usiku anafanya kazi hiyo bure, ili mradi naye ana fungu lake.

Bint_Kupwa

Kaka Mwambani, mmesahau nani anafunga na nani anafungua. Wanawake tunaenda kwa miguu wakati wa bamvua, maji yakikupwa, na chuma cha kuchokolea. Wanaume wana miwani na wanazamia hata maji mafu. Mkifunga mwamba wa karibu, mwanaume anahamia wa mbali na mtumbwi wake. Mwanamke anahamia wapi? Halafu siku ya kufungua wazamiaji wanatangulia na maji bado yako kiunoni. Tukifika sisi, matundu matupu. "Sote tumeacha" si kweli, wengine tumeacha zaidi.

Mwambani

Dada Bint_Kupwa, hapo sina ubishi. Kuna vijiji wamejaribu kufunga sehemu tu ya mwamba ili miguu ipate pa kukanyaga. Inasaidia, lakini sehemu iliyobaki wazi inachokolewa mara mbili. Wazo la siku ya kwanza kuwa ya waendao kwa miguu peke yao naliunga mkono, shida ni nani atawashika wazamiaji.

Jamvi_la_Bara

Samahani wadau, sisi huku tuna kisima cha pampu, watu wanachota bila kulipa. Nacho tukifunge miezi mitatu?

Mwambani

Ndugu, hapana. Pweza hufungiwa akue, maji ya kisima hayazaliani. Pampu yako ina mpini, na mpini unafungwa kwa kufuli, kwa hiyo kuzuia unaweza. Anayechota alipe kwa ndoo, fedha itunze vipuri. Ila ikiwa visima vya jirani vyote vinanyonya maji yaleyale ya chini, na kina kinashuka kila kiangazi, huko chini mna mwamba wa pweza kama sisi.

Kusi_Kavu

Basi fungeni mwaka mzima, wakue zaidi.

Mwambani

Hapana mkuu. Pweza haishi sana kupita mwaka mmoja na kitu. Jike akitaga hujifungia tunduni na mayai, hali, anayalinda hadi yaanguliwe, kisha anakufa. Ukifunga mwaka mzima unawafuga wafie tunduni. Chewa ungemfungia miaka, pweza miezi miwili mitatu inatosha.

Na angalieni Andavadoaka, Madagaska, walikoanza kufunga mwaka 2004. Utafiti wa miaka iliyofuata ulionyesha kwamba mwezi wa kwanza baada ya kufungua, pato la mvuvi mmoja kwa siku lilikaribia maradufu, lakini mzigo wote wa kijiji ulipanda zaidi ya mara saba. Pengo hilo ni la watu na siku: wengi zaidi wanaingia, na wanaingia mara nyingi zaidi. Barafu inakwisha, mnunuzi anashusha bei, mawe yanapinduliwa na matumbawe yanavunjwa, na tundu likivunjika pweza anayefuata hana nyumba. Kujua faida ya kufunga inakwisha lini ni rahisi: pimeni pweza kumi wa kwanza kila siku. Siku ya kwanza mnaona kilo na zaidi. Siku uzito ukirudi ule wa kabla ya kufunga, faida imekwisha.

Ninachodai ni daftari la majina, idadi ya pweza kwa mtu kwa siku, na anayetoka kijiji kingine aingie tu kama kijiji chake nacho kimefunga.

Bint_Kupwa

Na binti aliyeolewa kijiji cha pili, mama yake yuko hapa, ameandikwa daftari la nani?

Mwambani

Hilo bado linagombewa, na kila kijiji kina jibu lake.