Bahasha ya chungwa Uswidi: 1,600,000 inageukaje kuwa 8,300 kwa mwezi?

MamaZuhura: Wakuu, shikamooni wakubwa. Nipo Gothenburg tangu 1995, nahudumia wazee kwenye nyumba yao. Mwakani natimiza 65. Bahasha ya rangi ya chungwa imekuja, akaunti yangu ya pensheni ya mapato ina krona 1,600,000, lakini makadirio ni kama 8,300 kwa mwezi. Mgongo unaniuma sana. Nistaafu 65 au nivumilie hadi 67?

Kibarua_Tz: Dada, chukua mkupuo wote ufungue duka Tanga. Sisi huku kikokotoo kimetutesa.

Salehe_hesabu: Huko hakuna mkupuo. Wanagawa kwa kigawanyo cha umri wako, tuseme 16. 1,600,000 kwa 16 ni 100,000 kwa mwaka, yaani 8,333 kwa mwezi kabla ya kodi. Ukifika 81 zimekwisha.

Mstaafu_Uppsala: Salehe, mgawanyo ni sahihi, ila hazikwishi. Analipwa mpaka siku ya kufa. Kwanza hakuna fungu la fedha lililokaa pale. Kila mwaka asilimia 16 ya mapato yake yanayohesabiwa huandikwa kwa jina lake, na rekodi hiyo hukuzwa kwa faharisi ya mishahara ya nchi, si kwa riba ya benki. Michango ya wafanyakazi wa leo ndiyo inayowalipa wastaafu wa leo.

Na 16 si miaka aliyobakiza. Rika lake linatarajiwa kuishi zaidi ya hapo. Kigawanyo kimeshushwa kwa sababu ukuaji wa asilimia 1.6 kwa mwaka umeshatangulizwa ndani ya malipo ya mwanzo. Ndiyo maana baadaye mishahara ikipanda asilimia 3, pensheni yako itapanda kama 1.4 tu. Wengi hulalamika wameibiwa, kumbe walishakula mbele.

MamaZuhura: Kwa hiyo 67 ningepata ngapi?

Mstaafu_Uppsala: Kwa mshahara wa 30,000, kinachoandikwa ni kama 53,500 kwa mwaka. Miaka miwili, akaunti inafika 1,707,000, tukiiacha faharisi pembeni. Kigawanyo nacho kinashuka, tuseme 15. Inakuja kama 9,480 kwa mwezi. Nyongeza hiyo inatoka karibu nusu kwa nusu kwenye kigawanyo na kwenye michango.

Kibarua_Tz: Akifariki, je, watoto wanarithi?

Mstaafu_Uppsala: Hii hairithiwi. Salio la anayefariki kabla ya kustaafu hugawiwa walio hai wa rika lake.

Salehe_hesabu: Basi mwenye afya mbovu asisubiri.

Mstaafu_Uppsala: Una hoja. Kigawanyo ni kimoja kwa rika zima, wake kwa waume, wagonjwa kwa wazima. Pia anaweza kuchukua robo au nusu ya pensheni huku akifanya kazi saa chache.

MamaZuhura: Nusu sikuijua. Jumatatu namuuliza msimamizi wangu kama zamu za usiku zinaweza kupunguzwa, ndipo niamue.