Makoti 120 yaliyododa: tupunguze bei, tuyatoe msaada au tuyafungie stoo?

Muulizaji: Nimebakiwa na makoti ya mvua 120 kati ya 400, na msimu umebakiza wiki 5. Yanauzika 12 kwa wiki. Nishushe bei kwa awamu, niyatoe msaada au niyaweke hadi mwakani?

Mwenye duka la nguo: Mimi sikubali kuuza chini ya bei ya kununulia. Koti la mvua halina tarehe ya mwisho wa matumizi, na mvua itanyesha tena, kwa hiyo ukilifunga vizuri mwakani litakurudishia fedha yako yote. Tena wateja wakishaonja punguzo huacha kununua mapema, na hilo nimelishuhudia dukani kwangu.

Msimamizi wa manunuzi: Ndugu yangu, hofu yako juu ya wateja ni ya kweli. Hata hivyo, bei ya kununulia haiwezi kuamua jambo hili, kwa kuwa fedha hiyo imekwisha kutoka, na haitarudi kwa sababu tu koti limekaa. Linalopimwa ni kiasi ambacho koti litaleta leo, dhidi ya kiasi litakacholeta mwakani baada ya kuondoa gharama ya stoo na ya mtaji uliolala mwaka mzima.

Tuseme bei ya awali ni 100. Ukiendelea na 12 kwa wiki, utamaliza msimu ukiwa na makoti 60. Ukishusha asilimia 20 leo, inakubidi uuze 15 kwa wiki ili mapato yalingane na ya sasa, na kila koti linalozidi hapo ni nyongeza. Pima kwa wiki 2. Yakitoka 20 kwa wiki, usiguse bei tena. Yakitoka 13, umewapunguzia watu ambao wangenunua hata hivyo, basi nenda moja kwa moja kwenye asilimia 40 badala ya kudokoadokoa. Kosa ninalokutana nalo sana ni kungoja wiki ya mwisho ndipo bei ikatwe nusu, wakati kila mwenye shida ya koti amekwisha kulipata. Lakini kabla ya yote, yahesabu kwa saizi.

Mchangiaji mgeni: Naomba nitofautiane nanyi. Kuwapa wahitaji vitu vilivyoharibika ni kuwavunjia heshima.

Muulizaji: Makoti haya ni mapya, ndugu, hayajavaliwa. Nimeyahesabu: 47 ni saizi ndogo kabisa, 41 kubwa kabisa, na 32 tu ni za kati, nyingi zikiwa nyeusi.

Msimamizi wa manunuzi: Basi hesabu yangu ya 60 ilikuwa na matumaini mno. Bila shaka mauzo yako ya 12 kwa wiki yanabebwa na saizi za kati, nazo zitaisha ndani ya wiki 3 hivi, kisha mauzo yataporomoka ghafla. Hizo 32 ziache kwenye bei kamili. Zikibaki chache, ndizo zinazostahili kuwekwa. Punguzo liwe la zile 88 peke yake, na lianze wiki hii, kwa sababu mwakani zitakuwa saizi zilezile ambazo watu hawakuzitaka mwaka huu.

Mtunza ghala: Niongeze jambo kuhusu kuweka. Tuliwahi kufungia viatu miaka miwili. Tulipofungua maboksi, soli zilikuwa zikimeguka mkononi kama mkate mkavu. Makoti yenye tabaka la plastiki ndani hupatwa na jambo kama hilo kwenye stoo yenye joto na unyevunyevu: tabaka huanza kunata, kisha hubanduka. Pitisha kidole gumba ndani, kwenye mkunjo na kwenye utepe wa mishono. Likinata sasa, halitafika mwakani. Yanayobaki yatundikwe, yasikunjwe.

Mhasibu: Kwa upande wa vitabu, kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IAS 2 kinataka bidhaa zionyeshwe kwa gharama yake au kwa kiasi kitakachopatikana zikiuzwa baada ya kutoa gharama za kuziuza, kipi ni kidogo. Kwa hiyo kuzifungia stoo hakufichi hasara. Kuhusu msaada, nafuu ya kodi hutegemea sheria ya mahali ulipo na stakabadhi ya mpokeaji, basi uliza kabla ya kupakia. Uliza pia saizi wanazohitaji, na uyapeleke mvua ikiwa bado inanyesha, la sivyo umemhamishia mwenzako mzigo wa stoo.

Muulizaji: Nimebadilisha lebo za 88 asubuhi hii. Yatakayobaki baada ya wiki ya nne nitayatoa, na kituo kimoja cha watoto kimekwisha kuniambia kwamba saizi ndogo zitawafaa.

Mwenye duka la nguo: Hesabu ya saizi imenigusa, nakiri. Ila yule aliyenunua saizi kubwa juzi kwa bei kamili, akirudi leo akiwa na risiti yake kuulizia tofauti, utamjibu nini?