Nyota kando ya hilali: tupeane uzoefu, Machi 24, 2023 ulikuwa wapi?

Bint_Pangani: Jana jioni nimeona nyota kubwa imekaa karibu na mwezi mwembamba, nikaikumbuka ile ya mwanzoni mwa Ramadhani. Nani anajua sababu?

MamaSalha: Usinikumbushe! Tunafuturu uani, jirani akapiga kelele: "Tokeni nje, dalili ya Kiyama!" Mtaa mzima ukatoka, watoto wanalia. Bibi yetu mgonjwa akadhani tunamficha msiba, akainuka peke yake kitandani akaanguka kizingitini. Uji umemwagika, mimi nimemshika kichwa, na juu kile kitu kinang'aa chini kidogo ya mwezi. Hakuvunjika, lakini usiku ule sikulala.

Kaka_Mkubwa: Pole sana dada. Bibi anaendeleaje?

MamaSalha: Mzima, alhamdulillahi.

Juma_wa_Stendi: Ni Zuhura. Siku hiyo husogea hadi jirani na Mwezi, ndiyo maana hung'aa vile.

Nahodha_Mstaafu: Ni Zuhura kweli mdogo wangu, lakini haikusogea popote. Mwezi uko kama kilomita 384,000 kutoka kwetu. Zuhura siku ile ilikuwa zaidi ya milioni 150. Ni kama taa ya dau lililo karibu na taa ya meli iliyo mbali: ukiwa ufukweni unaziona zimeshikana. Sayari na Mwezi hupita karibu njia ileile angani, na Mwezi huizunguka yote kila mwezi, kwa hiyo lazima uipite Zuhura. Ila njia zao zimeinamiana kidogo, hivyo mara nyingi huipita kwa mbali. Siku ile uliikaribia mno. Sehemu za Asia uliifunika kabisa.

Bint_Pangani: Mbona daima mwezi unakuwa mwembamba?

Nahodha_Mstaafu: Kwa sababu Zuhura haitoki mbali na jua, haizidi nyuzi 47. Mwezi ukiwa upande huohuo, unaonyesha ukingo tu. Mwezi mpevu hukaa mkabala na jua, Zuhura haifiki huko.

Chausiku: Mimi niliiona na mwezi mpevu kabisa, usinibishie.

Nahodha_Mstaafu: Hiyo huenda ni Mshtarii, Bi Chausiku. Yenyewe hufika.

Chausiku: Ilikuwa nyekundu lakini.

Juma_wa_Stendi: Basi Mirihi!

Abuu_Twalha: Jioni ile ya Machi 24 hilali ilikuwa nene vile, ushahidi kwamba walioanza kufunga Ijumaa hiyo walichelewa.

Kaka_Mkubwa: Sheikh, usianze. Kila mtu na mwandamo wake.

Nahodha_Mstaafu: Mwezi ulizaliwa usiku wa Machi 21, kwa hiyo ile jioni ulikuwa na karibu siku tatu. Kuonekana kwake mara ya kwanza ni jambo jingine, siliingilii.

Abuu_Twalha: Unaliingilia tayari.

Kaka_Mkubwa: Mwenye hofu aangalie tena kesho yake saa ileile. Nyosha mkono, kunja ngumi: Mwezi utakuwa umepanda juu zaidi ya ngumi moja, nyota umeiacha chini. Mwaka ule Mwezi ulikuwa unaelekea kundi la nyota la Kilimia.

MamaSalha: Kesho yake nilifunga madirisha yote.