Mtoto ana miezi mitano, tendo la ndoa limekuwa msasa. Naombeni ushauri

MamaWawili_Moro
Habari za jioni wapendwa. Naandika kwa aibu lakini nimechoka kulia bafuni. Nina miaka 29, mtoto wangu wa pili ana miezi mitano na nusu. Tulirudia tendo la ndoa alipofikisha miezi miwili, na tangu siku hiyo ni maumivu tu. Si ndani, ni pale mlangoni, kama nakwaruzwa na msasa. Nikienda haja ndogo baadaye inawaka mpaka kesho yake. Ute hakuna kabisa, hata siku ambayo hamu ninayo mwenyewe.

Zahanati nimekwenda mara mbili. Mara zote nimeambiwa ni yutiai, nikapewa antibayotiki. Dozi ya pili ikaniletea fangasi, nikatibiwa fangasi nayo. Fangasi imeisha, msasa umebaki. Mume wangu ameanza kusema kama simtaki niseme, na juzi kaniuliza kama kuna mtu. Mtoto mgongoni, mwingine miguuni, huyo mtu ningempa saa ngapi?

Kwa mtoto wa kwanza haikuwa hivi. Nitumie dawa gani?

Kidawa_Tanga
Pole shoga. Ukinyonyesha maji yote yanakwenda kwenye maziwa, huku chini panabaki jangwa. Kunywa maji mengi, na bamia usiikose. Kata tatu nne, loweka usiku kwenye glasi, asubuhi kunywa ule mlenda wake. Mimi iliniletea ute.

Baba_Pendo
Dada, hapa tatizo ni mawasiliano. Mke akishajifungua akili yote inahamia kwa mtoto, hamu inakufa. Tokeni siku moja muwe wawili tu, muombe pamoja, mambo yatarudi.

MamaWawili_Moro
Kaka yangu, hamu nimesema ninayo. Kinachouma ni ngozi.

Bi_Mkunga
Mwanangu, nimezalisha miaka 31 na hili nimelisikia mara nyingi kuliko unavyodhani, ila wengi huniambia wakiwa wameshika kitasa cha mlango wanaondoka. Kabla sijasema kitu nijibu haya. Mkojo ulipimwa maabara, au ulipewa dawa kwa maelezo tu? Unanyonyesha mara ngapi, hasa usiku? Hedhi imerudi? Unatumia uzazi wa mpango gani? Ulichanika au uliongezewa njia? Na huyo wa kwanza, ulimnyonyesha vipi?

MamaWawili_Moro
Asante Bi Mkunga. Mara ya kwanza sikupimwa, ya pili walipima wakasema kuna wadudu kidogo. Ananyonya muda wote, usiku mara nne au tano, sijampa hata maji. Hedhi bado. Nipo kwenye sindano ya miezi mitatu, nilianza alipokuwa na wiki sita, ya pili nimechoma mwezi uliopita. Niliongezewa njia, nyuzi nne. Wa kwanza nilirudi kazini akiwa na miezi mitatu, akawa anakunywa ya kopo mchana, na hedhi ilirudi mapema.

Bi_Mkunga
Basi jibu lako unalo mwenyewe kwenye huo mstari wa mwisho.

Mtoto akinyonya mara nyingi, hasa usiku, ubongo unatoa kwa wingi homoni ya kutengeneza maziwa, na homoni hiyo inailaza mifuko ya mayai. Mifuko ikilala, estrojeni inashuka. Estrojeni ndiyo inayoifanya ngozi ya ukeni iwe nene, ivutike na itoe ute. Ikishuka, ngozi inakuwa nyembamba kama ya ndani ya kope. Kwa hiyo Kidawa yuko sahihi kwamba chanzo ni kunyonyesha, ila maji hayajahamia kwenye ziwa. Kunywa maji kwa sababu ya kiu, na bamia kula na ugali, lakini ute wa bamia unakwenda tumboni kama mboga nyingine.

Wa kwanza alinyonya kidogo, mifuko ikaamka mapema. Huyu hajakupa nafasi. Hata hamu ukiwa nayo, ngozi isiyo na estrojeni haitoi ute wa kutosha, na hilo mumeo anatakiwa alijue leo hii.

Kuhusu kuwaka: njia ya mkojo iko jirani na ngozi yake inakonda vilevile, mkojo ukigusa mikwaruzo lazima uchome. Si kila kuwaka ni yutiai. Siku nyingine omba mkojo uoteshwe maabara waone kama kuna wadudu kabla ya antibayotiki, usije ukarudi tena kwenye fangasi. Ila ukipata homa, maumivu ya kiuno au damu kwenye mkojo, usisubiri.

Zuhura_wa_Somo
Mambo ya kizungu haya. Sisi Pwani mzazi akitoka arobaini anafukizwa, anawekwa shabu kidogo, anabana, mume hatoki nje. Tatizo lako umelegea tu.

Bi_Mkunga
Zuhura, mafukizo ya nguo na nywele sina ugomvi nayo. Lakini shabu kazi yake ni kukausha na kukaza ngozi. Huyu ngozi yake imeshakauka, unataka umkaushe tena? Nimepokea wanawake waliotoka vidonda kwa shabu na ugoro. Na wewe MamaWawili, kama unajiosha ndani kwa sabuni ya dawa, acha. Maji matupu kwa nje yanatosha.

MamaWawili_Moro
Kusema kweli najiosha na sabuni ya dawa mara mbili kwa siku tangu waniambie yutiai. Naacha leo. Sasa nitumie nini jamani?

Bi_Mkunga
Kitu cha kuteleza, na cha kutosha. Kilainishi cha maji ndicho salama zaidi, kinakubaliana na kondomu, ila kinakauka haraka, kwa hiyo mkiona kinaanza kunata ongeza bila kuona haya. Epuka vile vya kuleta joto au vyenye harufu ya matunda, kwa ngozi kama yako vitachoma.

Ukikikosa, mafuta ya nazi safi yasiyo na manukato au viungo. Kiasi cha kijiko cha chai: nusu kwako pale mlangoni na ndani kidogo, nusu kwa mume. Shuka litachafuka, weka khanga chini. Sharti ni moja: mafuta yoyote, ya nazi, ya kupikia au ya mgando, yanaharibu kondomu za kawaida za mpira, zinapasuka bila ninyi kujua. Na fangasi ikirudi, simamisha mafuta kwanza upime.

Mate hayatoshi. Yanakauka kabla hata hamjaanza.

Halafu msianze kwa kuingia. Chukueni muda mrefu kuliko zamani, na wewe uwe juu ili kina na mwendo viwe mikononi mwako. Ikiuma mnaacha. Mkilazimisha, mwili unajifunza kuogopa, misuli ya mlangoni inajibana yenyewe kabla hajagusa, na hapo hata mafuta debe zima hayasaidii.

Nasra_Dar
Kwenye kilainishi jiandae kuangaliwa vibaya dukani. Tangu 2016 wizara ya afya ilipotangaza marufuku ya vilainishi, kwa sababu zao za mambo ya ukimwi na mashoga, wauzaji wengine ukitamka tu wanakuangalia kama umeleta bangi. Mimi nilimwambia daktari wa wanawake, akaniandikia kwenye karatasi, nikaonyesha karatasi.

Halima_Likoni
Makubwa! Huku Mombasa ziko rafuni dukani karibu na dawa za meno. Nilidhani ni vivyo hivyo kila mahali.

Chausiku_54
Nimesoma kimya, nimeona na mimi niseme langu. Mimi sinyonyeshi, mjukuu ndiye ananyonya. Hedhi ilikoma nikiwa na 50 na msasa ukaanza kama mwaka baadaye. Nilipaka mafuta ya nazi kama alivyosema Bi Mkunga, yakasaidia wakati wa tendo tu, lakini hata kutembea nilikuwa nasikia kukwaruza. Kisha siku moja nikaona matone ya damu kwenye nguo ya ndani.

Daktari alikuwa mkali kwa hilo. Alisema damu baada ya mwaka mzima bila hedhi haichukuliwi kuwa ni ukavu mpaka ithibitishwe. Nilipimwa shingo ya kizazi na altrasaundi ya mji wa mimba. Namshukuru Mungu, ilikuwa ngozi tu imekonda. Ndipo akaniandikia krimu ya estrojeni ya kuweka ukeni, kidogo kwa kipimio chake, kila usiku wiki mbili, halafu mara mbili kwa wiki. Wiki ya kwanza sikuona kitu nikataka kuitupa. Kama wiki ya tano nikagundua sijakumbuka maumivu. Miezi sita baadaye nikaiacha nikijiona nimepona, msasa ukarudi. Sasa naitumia Jumatatu na Alhamisi. Je, MamaWawili naye asipewe hiyo?

Bi_Mkunga
Dada Chausiku, wewe na yeye shida ni moja ila njia zinaachana. Kwako estrojeni hairudi yenyewe, ndiyo maana ulipoacha hali ikarudi. Kwake itarudi, mtoto akianza uji na kupunguza kunyonya usiku. Daktari anaweza kumwandikia mama anayenyonyesha krimu kwa dozi ndogo na muda mfupi kama vilainishi vimeshindwa, lakini asiazime yako. Na yeyote aliyewahi kuwa na saratani ya matiti asiiguse kabla ya kuongea na daktari wake wa saratani.

Nasra_Dar
Na sindano je? Mimi naona ndiyo mchawi. Nilipoiacha nikapona.

Bi_Mkunga
Inawezekana inaongeza, maana nayo inalaza mifuko. Lakini wewe ulipoacha sindano mtoto alikuwa na umri gani? Huenda alishaanza kula. Kwa MamaWawili siwezi kutenganisha kipi kimefanya kiasi gani. Akitaka kubadili, aulize kuhusu lupu ya shaba, haina homoni. Ila asiikatize kabla ya kuwa na mbadala, hasa sasa mtoto anakaribia miezi sita na kunyonyesha peke yake hakutamlinda tena.

MamaWawili_Moro
*(wiki tatu baadaye)*
Nimerudi. Nilimsomea mume wangu huu uzi wote, isipokuwa sehemu ya shabu maana angecheka wiki nzima. Alinyamaza, akaniuliza kwa nini zahanati hawakumwambia na yeye. Sabuni nimeacha, kuwaka kumeisha ndani ya siku kama kumi. Tunatumia mafuta ya nazi, kondomu hatutumii. Mara mbili za kwanza hatukumaliza, ya tatu tulimaliza bila machozi.

Ila kuna sehemu moja, chini kidogo kushoto, bado inachoma kama sindano hata tukipaka vipi. Nikiigusa kwa kidole naipata, iko kama uzi mgumu.

Bi_Mkunga
Hiyo si ukavu. Ukavu unauma pande zote, hauchagui. Hilo ni kovu la mshono. Kalionyeshe kwa mtu atakayekutazama, si atakayeandika dawa ukiwa umekaa kwenye kiti. Wakati mwingine kovu linalainika kwa kulikanda taratibu kwa kidole gumba chenye mafuta, dakika chache kila siku, wakati mwingine linahitaji daktari wa wanawake. Siwezi kukuambia lako ni lipi bila kuliona.

MamaWawili_Moro
Jumanne napeleka mtoto kliniki, nitaomba nitazamwe hapo hapo. Sindano ya tatu ni mwezi ujao, bado sijaamua.

Kidawa_Tanga
Lakini bamia mimi ilinisaidia jamani.